Boti ya Wagonjwa Inayokunywa Bila Koo

Kalemie nzima hakuna muntu anayejua kufupisha dosie kama Ketsia wa biro ya ukaguzi. Sawa, biro yenyewe ina makarani wawili tu, na yule mwingine, Papa Hippolyte, alikufa mwaka jana, ingawa anawahi kazini kuliko wazima.

Jioni moja shefu wao, Papa Urbain, alimwachia Ketsia makartoni ya karatasi za mafuta ya idara ya afya, marefu kumpita.

“Asubuhi nataka kurasa tatu. Ukimaliza, matrikili yako iko tayari.”

Ketsia alikuwa anafanya kazi miaka bila matrikili, ile karatasi ya namba ya mtumishi, maana yake bila mshahara wa serikali.

Kufupisha njo hivi: unalinganisha bono, yaani hati ya kuchukulia mafuta, kadi ya depo na kitabu cha safari. Vikikubaliana, unaandika mstari mmoja, na karatasi zenyewe zinanywea mpaka zinatosha ndani ya kasha la kiberiti. Ni desturi ya biro hiyo.

Dosie ilipangwa kwa miezi, na kila mwezi jumla ya bono ilikuwa sawa na jumla ya depo. Ketsia akaipanga upya kwa vyombo: gari la jipu peke yake, pikipiki peke yake, boti ya wagonjwa peke yake. Karatasi za jipu na pikipiki zikanywea. Bono za boti zikakataa. Zilivimba, zikatoa jasho la mazuti, dizeli yenyewe, mpaka sakafuni. Kitabu cha safari za boti kilikuwa kitupu tangu mwezi wa kwanza, na hati ya garaji ilisema injini yake ilishushwa kutoka botini mwezi huohuo. Bono zilitoka kila juma vilevile.

“Papa Hippolyte, hii boti inakunywa bila koo.”

“Andika,” marehemu alisema. “Mie matrikili nimeingojea mpaka kaburini. Na wagonjwa wanalazwa katika mitumbwi, katikati ya samaki wa ndakala.”

Ketsia akaandika mstari: boti haina injini, na mafuta yake yanatoka kila juma.

Asubuhi Papa Urbain alisoma, viatu vyake vikiwa ndani ya mazuti.

“Toa huu mstari. Panga tena kwa miezi.”

“Siutoi, Papa. Nikirudisha miezi, makartoni yatavimba yote, na mgongo wangu si tololi.”

Papa Urbain akaitia matrikili ndani ya mtoto wa meza, akafunga kwa ufunguo. Ketsia akaweka saini yake chini ya mstari, herufi kubwa.

Wakati huo Mama Cécile, mke wa shefu, aliingia na termosi ya chai, akainua kitenge kisiguse mazuti.

“Boti inatembea!” shefu alipaza sauti. “Mwezi wa tano imenipeleka Moba mimi mwenyewe, mbio mbio!”

Mama Cécile alimimina chai polepole.

“Mwezi wa tano, baba? Na ile injini yake inayotusagia mihogo nyumbani, uliibeba ukairudisha botini saa ngapi?”