Mtu wa Pili

Hivi wewe, ukimwacha mwanao mara ya kwanza kwa watu usiowajua, swali la kwanza utauliza nini?

Mimi nilidhani nalijua. Ndiyo maana binti yangu Noela alipoandika kapsheni ya kutangaza nafasi, nilimwambia anisomee neno kwa neno huku nachambua maharage. Kituo chetu cha kulelea watoto kipo hapa Mfaranyaki, Songea, uani kwetu: vyumba viwili, kibaraza, na jiko ambalo ni langu. Noela ndiye mwalimu. Alisoma hivi:

“Wazazi wapendwa, nafasi zipo. Tunapokea watoto wa miaka miwili hadi minne, Jumatatu hadi Ijumaa, saa kumi na mbili na nusu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Saa nne uji wa lishe, mchana chakula cha moto na tunda, kisha kulala. Kituo kimesajiliwa, uzio upo, geti hufungwa muda wote. Nenda kazini kwa amani, mwanao yuko nyumbani.”

“Hujasema nani anamchukua mtoto jioni,” nikamwambia.

“Mama, hii ni kapsheni, siyo barua ya posa. Watu watachoka kusoma.”

“Wachoke. Hapa kwetu mtu anamtuma jirani, jirani anamtuma bodaboda. Mtoto anapandishwa, anaondoka na mtu tusiyemjua hata jina. Andika: mtoto anakabidhiwa kwa watu wawili tu, walioandikwa kwenye fomu na kuletwa getini tuwaone. Bila majina mawili, hatumpokei.”

Akaandika huku anacheka. Jioni hiyo tangazo likarushwa mtandaoni pamoja na picha ya watoto wamelala kwenye magodoro yao.

Jumanne akaja dada mmoja, Halima, mgeni kutoka Tunduru, kambeba mwanaye Muhsini wa miaka miwili na nusu. Mumewe, Kassimu, yuko huko kwenye korosho mpaka msimu uishe. Yeye amepata cherehani kwa fundi Daimu, ushonaji wa sare za shule, aanze Jumatatu. Asipofika Jumatatu, Daimu anampa mwingine.

“Shikamoo bibi. Uji wenu ni wa unga gani?”

“Marahaba mwanangu. Mahindi, ulezi na soya kidogo. Karanga naweka pembeni, maana wapo zinaowadhuru.”

Akachukua fomu, akaikunja, akaondoka.

Jumatano akarudi. Watoto wanalala wapi? Nikamwonyesha. Choo kikoje? Nikamwonyesha, na ndoo yenye bomba la kunawia. Alhamisi akauliza kama jiko lina mlango. Lina, na komeo liko juu, watoto hawalifikii. Muhsini alikuwa ameshashuka mgongoni, amekaa na wenzake anagonga kifuniko cha sufuria.

“Mama, huyu ni mzazi au mkaguzi?” Noela akaninong’oneza. “Imebaki nafasi moja. Kuna wawili wanaipigia simu. Asiporudisha fomu leo kesho, nampa mwenye haraka.”

“Subiri kesho jioni.”

Usiku ule niliwaza. Yote aliyouliza angeweza kuyamaliza siku moja, tena kwa simu. Mtu hatembei kutoka upande wa pili wa mji siku tatu, na mtoto mgongoni, kuuliza unga wa uji.

Ijumaa alifika wazazi wakiwa wanachukua watoto. Akasimama pembeni ya geti akitazama. Noela anaita jina, anaangalia daftari, mzazi anatia saini, mtoto anatoka. Alikuja shangazi wa mtoto mmoja, hakuandikwa. Noela akampigia mama mtu kwanza, shangazi akasonya, akangoja hadi mama mwenyewe akaja. Halima aliyaona yote hayo. Akainamisha kichwa.

Geti lilipobaki tupu nikamvutia kigoda.

“Leo umekuja kuuliza nini, mwanangu? Maharage?”

Akacheka kidogo, machozi yakamlenga. Akatoa ile fomu kwenye pochi. Ilikuwa imekunjwa na kukunjuliwa hadi karatasi imelegea. Umri, chanjo, namba ya simu, vyote vimejazwa kwa mwandiko mzuri. Mtu wa kwanza: Halima. Mtu wa pili: pamebaki peupe.

Nikautazama ule weupe. Ni mimi niliyedai jina hilo la pili, nikichambua maharage, mtu mwenye ndugu kuanzia hapa hadi Peramiho.

“Huna mtu hapa Songea,” nikasema.

“Sina, bibi. Jirani nimemjua wiki mbili.” Akamtazama mwanaye, aliyekuwa amerudi kwenye kifuniko chake cha sufuria. “Tangu Jumanne nataka kusema, naona haya. Fomu haijasema lazima awe ndugu. Wewe unalala hapa hapa. Siku nikichelewa kwa fundi, nataka Muhsini akae na wewe mpaka nifike. Nataka niandike jina lako.”