Usingizi wa Dada

Kitu cha kwanza nilichokiona ni kucha. Dada alikuwa amekata za mkono wa kushoto tu, za kulia zimebaki ndefu, na wembe ameushika kama amesahau kazi yake. Nikajua hajalala tena.

Kesho yake, saa tatu asubuhi, alikuwa na usaili katika mji wa pili. Hospitali ilikuwa inatafuta msimamizi wa chumba cha kushonea mashuka na sare. Tangu kiwanda chao cha nguo kifungwe, miezi minane iliyopita, alishaitwa sehemu mbili. Kote alitetemeka mpaka sauti ikamkauka.

Mama, ambaye amepooza upande mmoja, alinituma kwa jirani yetu Karani. Kabla mzee huyo hajastaafu, alikuwa akiwapanga watu wa usaili kwenye foleni.

Alikuja na kandambili zake, akachukua karatasi za maswali mikononi mwa Dada, akazikalia.

"Umeshajifunza. Kilichobaki leo ni nauli, mfuko na kitanda."

"Baba, nikiulizwa vipimo?"

"Umeshona miaka kumi na moja. Au ulikuwa unashonewa?"

Mama alicheka kwa upande wa mdomo unaocheka. Dada naye alicheka, kidogo.

Tulifanya alivyosema. Tulikwenda kituoni kuuliza. Basi la kwanza linaondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, safari ni saa tatu kasoro, kisha hospitali ni dakika kumi kwa miguu. La pili linatoka saa mbili, hilo lisingefaa kitu. Dada akakata tiketi palepale. Nyumbani, mchana kweupe, tulipanga mfuko: vyeti halisi, nakala zake, kitambulisho, barua ya wito, kalamu mbili, maji, leso, na blauzi aliyoishona mwenyewe ikiwa imekunjwa ndani ya taulo isikunjamane. Namba ya ofisi niliiandika kwenye kikaratasi, simu ikizima asihangaike.

"Chai ya rangi mwisho saa tisa," Karani alisema. "Ule mapema. Na usimeze dawa ya usingizi usiyoizoea. Kengele weka ya simu, na mtu wa kukuamsha."

"Mtu ni huyu," Dada alisema, akanigusa bega. "Huyu hata paka akipita anaamka."

Jioni nilimpikia wali mlaini. Akala vijiko vitatu. Saa mbili alikuwa kitandani, macho yanatazama bati. Akaanza kujiuliza na kujijibu kwa kunong'ona. Kisha akanyanyuka, akachukua vidonge viwili vya mafua vya Mama, vile vinavyolewesha.

"Baba Karani amekataza," nilimwambia.

"Baba Karani yeye analala."

Alimeza. Baada ya muda alikuwa anakoroma, mdomo wazi, kama mtoto.

Nilipoamka kulikuwa kumekucha na Mama alikuwa ananiita kwa ule mlio wake. Dada aliketi kitandani, akatazama dirisha, akatazama simu. Saa moja na dakika kumi. Alivaa blauzi, akakosea vifungo, nikamfungua nikamfunga upya. Ulimi wake ulikuwa mzito bado. Akapiga ile namba, haikupokelewa, akaondoka na basi la saa mbili hivyohivyo.

Alirudi jioni. Mlinzi wa geti alimwonyesha orodha, jina lake limekatwa kwa mstari. Dada alimwomba amruhusu aingie aeleze tu. Mlinzi akamwambia, "Dada yangu, hata mimi nimeajiriwa."

Karani alipokuja aliona vidonge mezani, akatikisa kichwa. "Nilisema."

"Ulisema, Baba. Ni mimi. Kengele ilipiga nisisikie."

Mama alilia kwa jicho moja. Dada akaanza kutoa vitu kwenye mfuko, kimoja kimoja, akarudisha vyeti chini ya godoro. Siku hizi anafua nguo za watu, anaposikia kuna nafasi mahali hata haandiki barua. Anasema yeye na usaili basi.

Angepata ile kazi angehamia huko. Ningebaki mimi na Mama: kumgeuza, kumwosha, kumlisha. Niliacha shule darasa la tano kwa kazi hiyo, na Dada peke yake ndiye aliyekuwa akinipokea zamu usiku.

Dada, simu ililia saa kumi kamili. Nilikuwa macho. Niliichukua chini ya mto wako, nikaizima, nikalala nikikusikiliza unavyokoroma. Vidonge havikuwa na kosa.