Makaburi Saba kwenye Nukta Moja

Ofisi yetu ya upimaji ina vyumba viwili. Cha mbele kina zulia, kiyoyozi na bosi. Cha nyuma kina feni inayolia, na mimi. Watu wa kazi za nje wakishaondoka asubuhi na vifaa vyao, mlango wangu haufunguliwi mpaka jioni, labda na mgeni anayetafuta choo. Wanaoniuliza huwaambia nimezoea. Uongo mtupu. Mtu hazoei, anaacha tu kulalamika.

Nyumbani ni hivyo hivyo tangu mama alipofariki. Sufuria ndogo, kikombe kimoja, redio inayoongea peke yake ili nami nisiongee peke yangu.

Kazi iliyoniletea yote haya ilikuwa ya makaburi. Barabara kuu ilikuwa inapanuliwa, na makaburi ya zamani ya mji yalipaswa kuhamishiwa uwanja mpya ng'ambo ya mto. Vibao vya chuma vyenye namba vilikuwa vimeng'olewa na wauza chuma chakavu zamani sana. Kilichobaki ni jedwali alilopiga chapa mpimaji mmoja, sasa marehemu: namba ya kaburi, jina, latitudo na longitudo. Kompyuta yake ilishatupwa. Tulipewa picha za skana tu, kurasa zimepinda, nyingine zina duara la kikombe cha chai.

Mpimaji yule aliandika kwa nyuzi, dakika na sekunde. Programu ya ramani inataka desimali. Hesabu yenyewe haina uchawi: dakika unagawa kwa sitini, sekunde unagawa kwa elfu tatu na mia sita, unajumlisha na nyuzi. Kama uko kusini mwa ikweta, alama ya kutoa unaiweka mwishoni, juu ya jumla yote. Ukiibandika kwenye nyuzi peke yake halafu ukajumlisha dakika, unamhamisha marehemu wa watu kwenda kaskazini bila ruhusa.

Kinachochosha si hesabu, ni kusoma. Kompyuta iliponisomea zile picha, alama ya nyuzi iliiona sifuri, kwa hiyo nyuzi 1 ikawa 10. Tano iliigeuza herufi S. Nikakuta dakika 72, na dakika haifiki sitini hata ukiibembeleza. Basi nikapitia mstari kwa mstari, picha kushoto, Eksel kulia, nikisoma majina kwa sauti. Siku ya pili nilijikuta nawasalimia. "Mama wa watu, wewe sekunde zako ni ngapi?" Nilikuwa nacheka mwenyewe. Kusema kweli nilifurahi kuwa na watu chumbani.

Nilipomaliza, bosi akachungulia, akaona tarakimu zinavyoburuta baada ya nukta.

"Punguza hii mikia," akasema. "Hii inaingia kwenye ripoti ya mkuu. Nne zinatosha."

Nikapanga safu zionyeshe tarakimu nne. Tukachapa, karatasi ikapendeza kama mwaliko wa harusi. Kisha, bila kurudisha chochote, nikahifadhi nakala ya kupeleka uwandani, lile faili jepesi la maandishi yaliyotenganishwa kwa mikato, nikamtumia Futi.

Futi ni mpimaji wetu wa nje. Mrefu, mwembamba, jina lake la kweli hata mishahara inalisahau. Kesho yake alinipigia simu, nyuma yake upepo na tingatinga.

"Dada, hebu nieleze. Nina makaburi saba kwenye shimo moja. Vijiti vinagombania tundu. Utaalamu wa wapi huu?"

"Angalia kifaa chako."

"Kifaa kizima. Nimekipima kwenye jiwe la mpaka, hakijakosea hata kidole. Na hapa kuna mzee mmoja ananiambia nilipochomeka kijiti cha mke wake siyo. Mkandarasi anasema tusipoelewana mpaka kesho asubuhi, mstari huu wote anauandika wasiotambulika. Unajua wasiotambulika wanakwenda wapi."

Nilijua. Uwanja mpya ulikuwa na shimo moja kubwa pembeni, la wasio na jina.

"Jedwali langu liko sawa," nikamwambia, kwa ile sauti yangu ya kufunga mlango. "Nimelikagua mwenyewe."

Kabla ya saa ya chakula mlango ulifunguliwa. Sikugeuka. "Choo ni mlango wa kushoto," nikasema.

"Sitafuti choo, mwanangu. Natafuta mke wangu."

Alikuwa mwanamume wa miaka sitini na kitu, shati limepigwa pasi vizuri, futi ya kupimia ya kitambaa ikining'inia shingoni kama amesahau kuivua. Fundi cherehani. Futi ndiye aliyemwelekeza. Nikamsogezea kiti, nikaondoa mafaili juu yake, maana kiti hicho hakikuwa kimekaliwa na mtu kwa muda mrefu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Yule kijana mrefu ananiambia mashine imesema. Mimi sibishani na mashine. Lakini nimekuwa nakwenda pale kila wiki tangu nimzike. Miguu yangu inajua."

"Kibao hakipo, baba. Utajuaje?"

"Wewe nyumbani kwako, usiku umeme ukikatika, kitanda unakitafuta kwa kibao?"

Akanitajia jina la mkewe, nikamtafuta. Nilimkumbuka, nilikuwa nimemsalimia. Kwenye skana: kusini, nyuzi 1, dakika 27, sekunde 14.83. Kwenye Eksel: kutoa 1.4541.

"Umeona?" nikamwambia. "Yuko sawa."

Huku nikisema nilibonyeza kile kisanduku, na juu ya ukurasa ikatokea namba kamili, ile inayokaa ndani: kutoa 1.45411944, na mkia ukaendelea. Nikafungua lile faili nililompa Futi. Mle ndani hamkuwa na mkia. Kutoa 1.4541, basi. Faili la namna hiyo halichukui kilichomo ndani ya kisanduku, huchukua kinachoonekana usoni tu. Aliyemtangulia mkewe kwenye mstari alikuwa na sekunde 14.78. Naye: kutoa 1.4541. Na yule mwingine. Na yule mwingine tena.

Tarakimu ya nne baada ya nukta ni kama mita kumi na moja ardhini. Kaburi na kaburi pale ni mita moja na nusu. Nilikuwa nimewarundika watu saba niliowasoma mmoja mmoja kwa majina yao.

"Kuna nini?" akauliza.

"Ni mimi, baba. Mashine haina kosa na wewe huna kosa. Mke wako nimemsogeza mita mbili na ushei kaskazini." Bosi alitaka karatasi nzuri, sawa, lakini kidole kilichohifadhi faili kilikuwa changu.

Nilitegemea anifokee. Akashika ile futi yake ya kitambaa, akaivuta kidogo.

"Mita mbili," akasema. "Mimi nikikosea inchi moja mtu anatembea uchi. Rekebisha basi, mwanangu. Nitakaa hapa."

Akakaa kweli. Nikarudisha tarakimu saba, ambazo ardhini ni kama sentimita moja, nikahifadhi upya, nikafungua faili nione kwa macho yangu, kisha nikaliingiza kwenye ramani. Ile nukta moja nyeusi ya wote saba ikatawanyika. Wakatokea mmoja mmoja kwenye mstari wao, kila mtu na nafasi yake. Fundi akasogeza kiti mpaka bega lake likakaribia langu. Sikumbuki mara ya mwisho mtu kukaa karibu nami hivyo.

"Yupi ni yeye?"

Nikamwonyesha.

"Na huyu wa kando yake, asiye na jina?"

Nikaangalia jedwali. Mstari ulikuwa na namba, na latitudo, na longitudo, lakini mahali pa jina palikuwa na kistari. Mpimaji marehemu aliandika kwa mkono pembeni: nafasi imewekwa.

"Hapo hamna mtu, baba. Ni pa kuhifadhiwa."

"Ni mimi huyo," akasema. "Nilipalipia siku ile ile."

Nilikuwa najua agizo: wanahama wenye mabaki, nafasi tupu hazihami. Nikamweleza. Akaitikia kwa kichwa, polepole.

"Mwaka mzima baada ya kumzika sikuweza kulala," akasema. "Nikawa najiambia, vumilia, kitanda chako kipo. Sasa naona hata hicho kimepitiwa na barabara." Akajaribu kucheka. "Ukiniandika jina humo, si mtaniletea na jeneza kesho?"

"Wataniuliza cheti cha kifo."

"Mwambie bosi wako nakishona."

Alipoondoka kiti kilibaki pale pale, na mimi sikukirudisha ukutani.

Asubuhi nikamwambia bosi naenda uwandani. Alinitazama kana kwamba kabati limeomba likizo. Kule, Futi aliwasha kifaa chake chenye faili jipya, akatembea, akarudi hatua, kikalia. Akachomeka kijiti. Fundi alikuwa tayari amesimama hapo hapo tangu tufike. Ilibidi Futi amwombe asogeze mguu.

Wakachimba kwa majembe, taratibu. Mbao zilikuwa zimeoza. Mmoja wa vibarua akainuka na kitu kwenye kiganja, akakipangusa kwa kidole gumba: kifungo cha shaba. Kisha kingine.

Fundi akavichukua.

"Vya koti langu la harusi," akasema. "Gauni lake la mwisho nililishona mimi, vifungo vikanipungukia. Nikakata vya kwangu." Akalia mbele ya watu wote, mwanamume mzima na futi yake shingoni, nami nikalia naye, mimi nisiyekuwa na hata mmoja pale. Mkandarasi akaandika jina. Akavuka pale kando penye ardhi ngumu, akasema hapa hamna mtu, akaendelea na mstari.

Jioni nilibaki na orodha ya uwanja mpya. Kule nilitakiwa kupanga sehemu mpya za wote, kila moja mita moja na nusu kutoka mwenzake, kisha kuzigeuza kutoka desimali kurudi kwenye nyuzi, dakika na sekunde, kwa sababu msimamizi wa makaburi anazielewa hizo tu. Sehemu ya baada ya nukta unaizidisha kwa sitini, namba nzima ni dakika. Kinachobaki unakizidisha tena kwa sitini, ni sekunde. Nikamweka mke wa fundi. Baada yake sikumweka aliyefuata. Niliruka mita moja na nusu, nikaandika namba, latitudo, longitudo, na mahali pa jina nikaweka kistari. Pembeni: nafasi imewekwa. Bosi akisoma mpaka mstari huo, nitajua amepona uvivu.

Nilimpigia fundi kumwambia.

"Mungu akubariki, mwanangu," akasema. "Na wewe, kando yako yuko nani?"

Nikatazama kile kiti alichokalia.

"Mimi, baba, bado sijapimiwa," nikamwambia, nikakata simu haraka asinisikie nikilia.