Jina Litakaloandikwa Kwenye Hati

Barua pepe ile iliwafikia wote kwa wakati mmoja, saa ya chai, wakiwa wamekaa juu ya magunia ya mashuka machafu katika dobi, chumba cha kufulia cha hospitali kilichokuwa chini ya ardhi. Simu kumi na mbili zililia mifukoni kwa mfuatano. Chiriku, ambaye alipewa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika, ndiye aliyeisoma kwa sauti.

"'Ndugu mfanyakazi uliye mbali na nyumbani. Kampuni yetu inauza viwanja vilivyopimwa, mita ishirini kwa thelathini. Hati mama, ya eneo zima kabla ya kugawanywa, iko kwa jina la kampuni, na namba yake tumeiandika hapa chini. Usituamini kwa maneno. Mtume wakili wako kwa msajili wa hati akaikague kabla hujalipa chochote.' Jamani! Muuzaji gani anasema usimwamini?"

"Mwerevu kuliko wote," alisema mzee wa mashine ya kunyoosha, na watu wakacheka.

Chiriku aliendelea. Malipo yalikuwa ya hatua nne. Sehemu ya kwanza wakati wa kutia sahihi mkataba. Ya pili mawe ya mipaka yakishasimikwa na mnunuzi au mtu wake akaonyeshwa. Ya tatu barabara na bomba la maji vikishafika. Ya mwisho siku ambayo hati mpya, yenye jina la mnunuzi, iko tayari kukabidhiwa. Fedha zote ziingie katika akaunti ya kampuni benki, kamwe si katika simu ya mfanyakazi yeyote. Anayependa achague namba kwenye ramani, naye atawekewa kiwanja siku kumi na nne bila malipo.

"Nimechukua ishirini na saba," alisema Chiriku kabla chai haijapoa. "Cha kona. Kwa jina langu mimi, peke yangu. Wifi, umesikia?"

Wifi yake alikuwa amesikia. Dobini walimwita Mwalimu, kwa kuwa alifundisha shule ya msingi miaka kumi na mmoja kabla ya kuvuka mpaka, na hata leo hakuweza kuvumilia mtu akikosea kusema. Yeye ndiye aliyemtafutia Chiriku kazi hii miaka mitatu iliyopita, yeye aliyempokea kituoni, yeye aliyemfundisha kukunja shuka la vitanda vya upasuaji bila kuligusisha sakafu. Chiriku alikuwa mke wa mdogo wake wa kiume. Kwa hesabu ya Mwalimu, mtu uliyemfundisha kukunja shuka hatakiwi kukupita kwa kitu chochote kikubwa kuliko shuka.

"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," alisema, akijifuta midomo. "Hiki kimetembea mpaka ughaibuni. Matapeli hao. Usitume hata senti."

"Lakini wifi, wametoa na namba ya hati."

"Namba hata mimi najua kuandika."

Watu wakacheka tena, na safari hii walimcheka Chiriku. Mwalimu alirudi kwenye meza yake ya kukunjia akiwa ameshinda, na bado kifua kilikuwa kinamchoma.

Sababu ya moto ule aliijua, ingawa hakuitamka. Kwa miaka tisa alikuwa ametuma nyumbani karibu kila alichopata, na kwa jasho lake ilisimama nyumba ya vyumba sita. Lakini ilisimama juu ya kiwanja cha marehemu baba yake, na hakuna aliyewahi kwenda kubadilisha jina. Ndani yake alikaa mama yake pamoja na mume wa Chiriku, na wageni waliiita nyumba ya kaka huyo. Mwalimu alikuwa na nyumba kama mtu alivyo na kivuli: mwenyewe anajua ni yake, lakini hana pa kuishika.

Jioni ile mama alipiga simu. Habari zilikuwa zimeshafika.

"Mkwe wangu ana macho ya mbele," alisema mama. "Miaka mitatu tu, na ameshaona kiwanja. Mungu amjalie."

"Amina," alijibu Mwalimu, akakata simu.

Kesho yake alifanya jambo ambalo hakuna mwingine katika wale kumi na wawili aliyelifanya. Alimwandikia mwanafunzi wake wa zamani, ambaye sasa ni karani wa wakili, akampa namba ya hati mama na ada ya upekuzi. *Nitafutie doa,* aliandika. *Rehani, zuio, kesi, mirathi, chochote.* Ilikuwa nia yake kuliweka doa hilo mezani mbele ya watu wote, saa ya chai.

Wakati huohuo Chiriku alipungukiwa na sauti. Neno la Mwalimu lilikuwa na uzito dobini, na kwa Chiriku lilikuwa na uzito zaidi, kwa kuwa lilikuwa la dada wa mumewe. Alifungua ramani, akaifunga. Aliuliza, "Kweli matapeli, wifi?" na Mwalimu akajibu, "Mimi nimesema langu." Wivu una adabu zake: hausemi uongo mara mbili ikiwa mara moja imetosha.

Siku ya tisa jibu la karani lilifika. Mwalimu alilisoma katika stoo ya sabuni, mlango ukiwa umefungwa. Karatasi ya msajili ilikuwa na mhuri na tarehe. Mmiliki: kampuni ileile. Rehani: hakuna. Zuio: hakuna. Amri ya mahakama: hakuna. Ukubwa ulilingana na ramani, na mchoro wa mgawanyo wa viwanja ulikuwa umeidhinishwa. Chini yake karani alikuwa ameongeza: *Mwalimu, hati ni safi kama sahani ya harusi. Sasa ukitaka, nikukagulie na cha nyumbani kwenu?*

Alisoma karatasi ile mara ya pili kama msahihishaji anayetafuta kosa katika daftari la mwanafunzi asiyempenda, na kosa hakulipata. Akaitia simu mfukoni. Siku ya kumi hakusema, ya kumi na moja hakusema. Alijiambia kwamba hajadanganya, amenyamaza tu. Mtu aliyewahi kuwachapa watoto waliotoa kisingizio kama hicho alipaswa kujionea haya.

Siku ya kumi na mbili Chiriku alikuja kwenye meza ya kukunjia akiwa na uso mwepesi.

"Nimekusikiliza, wifi. Kampuni basi. Mume wangu amenipatia kingine. Rafiki yake fundi anauza, eneo kubwa, bei ya chini."

"Hati ipo?"

"Hati ya nini? Wataandikiana karatasi, mashahidi wawili. Anataka zote kwa mkupuo, kesho, maana kuna mtu mwingine anakitaka. Nimtumie mume wangu mwenyewe."

Mwalimu aliacha shuka likaning'inia. Alimjua mdogo wake. Hakuwa mwizi; alikuwa mtu wa mikono iliyo wazi, na fedha hupita katika mikono ya namna hiyo bila kuaga. Aliijua pia karatasi ya mashahidi wawili: baada ya mwaka mmoja mashahidi wengine watatu huwa na karatasi nyingine ya ardhi ileile. Angeweza kunyamaza tena. Chiriku angepoteza akiba ya miaka mitatu, na mama asingesema tena habari za macho ya mbele. Jambo hilo lilimjia wazi, na sehemu fulani ya moyo wake ikaliona tamu. Hapo ndipo alipojiogopa.

"Usimtumie," alisema. Akatoa simu, akaifungua ile karatasi, akaiweka juu ya mashuka. "Kampuni ni safi. Soma."

Chiriku alisoma polepole, midomo ikicheza. Kisha kidole chake kikasimama kwenye tarehe.

"Hii imetoka siku tatu zilizopita."

"Ndiyo."

"Ulikuwa nayo jana tulipokula pamoja."

"Nilikuwa nayo."

"Wifi." Kwa mara ya kwanza sauti ya Chiriku ilikuwa ndogo. "Ulikuwa unanitafutia, au ulikuwa unanitafuta?"

Mwalimu alijua tofauti ya maneno hayo mawili. Alikuwa ameifundisha ubaoni mara nyingi. "Nilikuwa nakutafuta," alisema.

Chiriku hakulia wala hakutukana. Alijitumia karatasi ile kwenye simu yake, akachukua toroli lake akaenda nalo, na magurudumu yakasikika mpaka mwisho wa ukumbi. Saa ya chai aliwaonyesha wote ile karatasi, na hakueleza ilivyochelewa. Watu saba wakawekewa viwanja mchana uleule. Mzee wa mashine ya kunyoosha alikuja kumshika Mwalimu mkono.

"Umetulinda, Mwalimu. Sisi tulikuwa tunabishana tu kama kuku, wewe umekwenda kwenye kitabu. Mungu akulipe!"

"Asinilipe," alisema Mwalimu, na mzee akadhani ni unyenyekevu.

Jumatatu iliyofuata mkataba ulifika kwa Chiriku, kurasa sita. Kabla ya kutia sahihi mbele ya ofisa wa ubalozi, mtu alitakiwa asome kila mstari. Kiburi kilimkataza Chiriku kuuliza, lakini lugha ya sheria ni msitu, na dobini alikuwepo mtu mmoja tu mwenye kuujua. Aliziweka kurasa juu ya meza ya kukunjia.

"Soma. Na safari hii usinifundishe kitu ambacho hakimo."

Mwalimu alisoma akiwa amesimama. Hatua nne zilikuwa zilezile za barua pepe. Kifungu cha kurudishiwa fedha kama hati isipotoka kilikuwepo. Akafika kwenye jina la mnunuzi, na hapo macho yakasimama.

Chiriku alipojaza fomu alikuwa ameandika jina lake la kwanza, na baada yake jina la ukoo la mumewe, kama wanawake wengi waliozoea kuitwa hivyo na majirani. Na jina hilo lilikuwa la baba yao, Mwalimu na mdogo wake. Marehemu baba yake Mwalimu alikuwa ameandikwa hapo, juu ya kiwanja namba ishirini na saba, kwa herufi kubwa. Akaona hati ya baadaye yenye mhuri, na jina lile juu yake, jina ambalo yeye kwa miaka tisa alilijengea ukuta na paa bila kupata karatasi yoyote yake mwenyewe. Alitamani libaki hivyo. Alitamani sana. Tena lingebaki kama angefunga tu mdomo na kugeuza ukurasa.

"Pasi yako ya kusafiria imeandikwa jina gani?" aliuliza.

"La baba yangu mimi. Si nilipata pasi kabla ya ndoa?"

"Hapa umeandika la kwetu. Msajili anafuata pasi. Siku ya hati watasema aliyelipa ni mmoja na anayedai ni mwingine, na yeyote mwenye jina la ukoo wetu anaweza kusimama akasema ni cha familia." Akaweka kidole juu ya jina lile. "Hata mimi."

Chiriku alimtazama usoni.

"Wewe ungependa libaki."

"Ningependa."

"Sasa mbona unaniambia?"

"Kwa sababu ningependa."

Akachomoa kalamu mfukoni mwa aproni. Akapiga mstari mmoja ulionyooka juu ya jina la baba yake, kama alivyokuwa akisahihisha insha, na pembeni, kwa mwandiko wa ubaoni, akaandika jina la baba wa Chiriku.

"Warudishie waandike upya," alisema. "Usitie sahihi juu ya karatasi yenye jina lililokatwa."

Chiriku alikusanya kurasa zake. Mwalimu alishika ncha mbili za shuka jipya, akangoja mtu wa kushika ncha nyingine. Hakuja mtu, akalikunja peke yake.