Mama Haombi Kazi

Maombi ya mafunzo ya kazi kwenye maabara ya maji yalikuwa yanafungwa saa kumi jioni, na Fahima, mpiga chapa wa kando ya Soko la Toi, alikuwa bado anafuta maneno kwenye rasimu ya barua yangu kwa kalamu nyekundu. Wiki nzima nilimtumia vikaratasi kupitia dada yangu Adhis: "Niaje Fahima, ongeza kwamba nilisomea kemia kwa mshumaa hapa Kawangware. Ongeza mama anavyouza mboga kule Silanga. Ongeza mimi sina maringo."

"Mama umemtoa?" nikauliza.

"Mama haombi kazi."

"Na mshumaa?"

"Austine, huyo bosi ana barua mia mezani. Hii ya kupima uchafu wa maji ya bwawa, mbona umeificha mwisho kama aibu?"

"Hiyo ni projekti tu ya chuo."

"Hiyo ndiyo anatafuta."

Akaanza kupiga chapa. Kila kengele ya mashine ilinishtua. Nafasi ninayoomba, digrii yangu, vipimo vya bwawa, siku ninayoweza kuanza, sanduku la posta, nakala za vyeti. Basi. Haikufika hata nusu ukurasa. Nikaisoma juu ya bega lake.

"Sasa mimi mwenyewe niko wapi hapa?" nikafoka.

Fahima akachomoa karatasi, akanipa kalamu, akagusa pengo chini ya "Wako mwaminifu".

"Hapo. Weka sahihi, ukimbie."