Saa Iliyotoka Lulimba

Suzanne aliletewa habari ya kifo cha mume wake Élie pamoja na saa yake ya mkononi. Dany, mdogo wa Élie, ndiye aliyetoka nayo machimboni Lulimba. Alieleza kwamba shimo la dhahabu liliporomoka kwa mvua, wakamfukua Élie kwenye matope akiwa ameivaa, wakamzika hukohuko. Nyumbani, mjini Baraka, watu wakakaa matanga.

Kabla matanga hayajaisha, saa ikasimama. Suzanne alitaka mwanawe aivae ikitembea, basi akaipeleka sokoni kwa Saleh, fundi aliyeisafisha kabla Élie hajasafiri. Dany akamfuata, akirudia njia nzima kwamba haina haja.

Saleh aliweka lenzi jichoni, akaiinamia. Mshale wa saa ulikuwa mnene, ule wa dakika mwembamba na mfupi, haukufika kwenye alama zake. Tarehe ilionekana nusu tu katika kidirisha chake. Aliimulika kwa tochi ya simu, kisha akaikinga kwa viganja: mishale iling'aa kijani, nukta za uso wa saa zikabaki nyeusi. Vitu hivyo havikuzaliwa pamoja.

Akafungua nyuma. Kifuniko kilikuwa chenyewe, kina jina la Élie ambalo Saleh alilichonga kwa mkono wake. Lakini ile mashine aliyowahi kuisafisha, iliyojivuta yenyewe kwa mwendo wa mkono wa mvaaji, haikuwemo. Mahali pake palikuwa na mashine ndogo ya betri, imebanwa kwa pete ya plastiki. Uso wa saa ulikuwa umekatwa miguu, vile vijiti vya kuushikilia, ukabandikwa kwa gundi. Aliigusa kwa kibano, ikavutika. Tope halikuwemo, wala kutu.

Saleh alifikiri kubadilisha betri na kunyamaza. Lakini Suzanne alikuwa anamtazama mikono.

"Mama, kifuniko na hii boksi ya inje ndiyo bya mume wako. Bingine byote bilitoka mu saa zingine, na gundi haijakauka. Hii saa haikutoka mu matope."

Suzanne akamgeukia shemeji yake. "Dany, uliona maiti?"

Dany akachuchumaa. Alisema alimtafuta kaka yake mashimo yote. Wachimbaji wengine walidai alikamatwa njiani na watu wenye silaha, wengine hawakumjua kabisa. Ndipo akaliona lile boksi la saa, tupu, na kifuniko chenye jina la kaka yake, katika kopo la fundi saa mmoja wa huko, naye hakukumbuka nani alimuuzia. Dany akamwomba alijaze chochote kitakachoingia.

"Niliogopa utamungojea mupaka uzeeke," alisema. "Nilitaka ulie, umalize."

"Sasa mi niko mujane, ao siko mujane?"

Saleh akafunga kifuniko, akamrudishia saa.

Nyumbani, Godelieve, mama yake Élie, aliposikia aliuliza kama basi mwanawe yuko hai. Suzanne akasema hajui. Bamama waliokaa matanga wakakunja mikeka yao polepole, mmoja mmoja wakaondoka. Suzanne akafungua kitambaa cheusi cha msiba kichwani, akakaa nacho mapajani. Jioni akakifunga tena.