Mgeni wa Mikutano

Pale kiwandani walimwita Mama Nukta, kwa sababu hakuna karatasi iliyotoka mikononi mwake ikiwa na nukta iliyopotea njia. Alikuwa katibu wa kiwanda cha vifuniko vya chupa kwa miaka kumi na mmoja, na mkurugenzi wa kiwanda alikuwa kaka mkubwa wa mumewe. Mumewe aliendesha lori la kiwanda. Nyumba waliyoishi ilikuwa ya mkurugenzi pia, ile ndogo ya nyuma, inayotazamana na jiko la nyumba kubwa.

Ofisini alimwita bosi, nyumbani shemeji. Mkurugenzi naye alifuata utaratibu huo huo, ila siku akimwita shemeji ofisini, Mama Nukta alijua kuna mzigo unakuja.

"Shemeji," alisema asubuhi hiyo, akamwekea mezani nakala ya pasipoti. "Mwandikie huyu barua ya mwaliko. Anakuja kwa mikutano ya kibiashara. Siku ishirini na moja."

Mama Nukta aliitazama ile picha ya mwanamume mwenye kipara. Alimjua kwa baruapepe. Alikuwa fundi wa kampuni iliyotengeneza mashine yao mpya, ambayo wiki ya tatu sasa ilikuwa imekaa uani ndani ya sanduku lake la mbao. Mkataba ulisema wazi: ikifungwa na mtu mwingine, dhamana imekufa.

"Mikutano ya siku ishirini na moja, bosi?"

"Watu wanapenda kuongea."

"Lakini huyu anakuja kufunga mashine. Hiyo ni kazi. Inataka kibali cha kazi cha muda mfupi."

"Kibali ni wiki sita, na mashine ya zamani imeshakufa. Niwaambie nini wale akina mama wa kufungasha? Wakae nyumbani wahesabu mbu?" Alifika mlangoni, akageuka. "Saini wewe. Weka Meneja Utawala. Cheo umekipata leo."

Mama Nukta alifungua kabati kutafuta barua ya zamani aitumie kama mfano. Aliipata, ya mwaka juzi, ina saini ya mkurugenzi. Nyuma yake kulikuwa na karatasi nyingine, imebanwa kwa pini, kutoka Idara ya Uhamiaji. Mgeni aliyealikwa kwa wiki mbili za mikutano alikutwa karakanani akichomelea vyuma, mwezi wa tano tangu aingie. Aliyesaini mwaliko alipewa onyo la mwisho. Akirudia kutoa maelezo ya uongo, atafikishwa mahakamani.

Aliisoma mara mbili. Kumbe cheo chenyewe ndicho hiki. Ulikuwa unatafutwa mkono mwingine wa kushika kalamu.

Mchana alimfuata mumewe uani, akamkuta anaosha lori. Akamweleza yote. Mumewe aliendelea kusugua tairi lililokwisha kung'aa.

"Kaka ameshasema. Andika tu, mke wangu."

"Na wakinishika?"

"Kazi yangu ya kaka, kazi yako ya kaka, nyumba ya kaka. Tukigoma, tunakwenda wapi?"

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli, na hapo ndipo Mama Nukta alipoumia.

Basi akaandika. Kwenye karatasi yenye nembo ya kampuni, kwa Kitengo cha Viza cha ubalozi wetu kule kwao mgeni. Jina kamili kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe ya kuzaliwa, namba ya pasipoti na mwisho wake. Tarehe ya kuingia na ya kutoka. Hoteli atakayolala. Kwamba kampuni itagharamia malazi na usafiri wa ndani, na itahakikisha anaondoka kabla ya viza kwisha. Kila neno lilikuwa la kweli mpaka alipofika kwenye madhumuni ya safari. Hapo vidole vilisimama juu ya vitufe. Dirishani aliwaona akina mama wa kufungasha wamekaa kwenye benchi, mikono mapajani. Mmoja alimpungia mkono. Akaandika: *mikutano ya kibiashara*. Akasaini, akapiga mhuri, akaskani, akaambatanisha cheti cha usajili wa kampuni na nakala ya kitambulisho chake mwenyewe, akamtumia mgeni apeleke pamoja na fomu yake.

Siku nne roho yake ilikaa juu juu. Simu ikilia, anaruka. Usingizi ulimpitia mbali. Mara mbili alianza kumwandikia mgeni asiipeleke ile barua, na mara mbili alifuta, maana angemwambia sababu gani?

Siku ya tano simu ilitoka ubalozini. Mkurugenzi alikuwa amesimama palepale anasaini hundi.

"Naongea na Meneja Utawala?" Ilikuwa sauti ya mwanamke, tulivu. "Ni wewe uliyesaini huu mwaliko?"

"Ni mimi."

"Mgeni wako ameandika kwenye fomu kuwa ni fundi mitambo. Naona pia amechukua bima ya sanduku la vifaa. Hii mikutano inahusu nini, dada?"

Mkurugenzi, aliyeisikia sauti ile ikivuja kwenye simu, alikuwa ameshaelewa. Alimkazia macho, akatamka bila sauti: mafunzo, sema mafunzo.

Mama Nukta alifumbua mdomo kulisema. Ofisa akamwahi.

"Atafanya kazi yoyote kwa mikono yake?" ofisa aliuliza. "Nakuuliza ili nijaze jibu lako, na jina lako."

"Anakuja kufunga mashine," alisema Mama Nukta. Alishangaa jinsi lilivyotoka jepesi. "Barua yangu haikusema kweli. Naomba kuiondoa."

Kisha ofisa akasema kwamba viza hiyo haitatoka, na kwamba kuondolewa kwa barua kutaandikwa kwenye jalada. Kampuni iombe kwanza kibali cha muda mfupi Uhamiaji, iambatanishe mkataba wa ununuzi, barua ya mtengenezaji na vyeti vya fundi. "Na umeniambia kabla sijafika mbali," aliongeza. "Hilo nalo nitaliandika."

Mkurugenzi alifunga mlango. "Umetumaliza. Kwa mdomo wako mwenyewe."

"Nililiona onyo kwenye faili, shemeji," alisema. Hakuwahi kumwita hivyo ndani ya ofisi ile.

Mkurugenzi akaufungua tena mlango, akatoka.

Kibali kilichukua wiki saba. Maombi aliyaandaa Mama Nukta mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa, na safari hii mkurugenzi alisaini kwa mkono wake. Akina mama wa kufungasha walikaa nyumbani wiki zote hizo. Waliporudi, baadhi walimpita mlangoni kama wanavyoupita ukuta. Hakufukuzwa kazi, ungesemaje ukooni umemfukuza mke wa mdogo wako? Ila mkurugenzi alianza kumwachia maagizo kwenye vikaratasi, na kwenye nyumba kubwa hawakuitwa tena kula Jumapili.

Siku mashine ilipowashwa, wote waliteremka kutazama. Yeye hakuitwa. Alibaki mezani anasikia ule mngurumo ukipanda kwenye sakafu mpaka kikombe chake cha chai kikatetemeka.

Mumewe aliingia, ameshika kofia yake.

"Kaka anaitaka nyumba yake. Mwisho wa mwezi ujao."

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia sawa." Akavuta kiti cha wageni, akakaa, kitu ambacho hakuwahi kukifanya miaka yote kumi na mmoja. "Nimeulizia vyumba viwili kule nyuma ya soko. Mvua ikinyesha panavuja kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Sana," alisema mumewe, na wote wawili wakajikuta wanacheka, mlango ukiwa wazi.